Aigenivalyu za modeli yangu ya Mto Pangani zinakaa duara badala ya -1, kosa ni la programu au la hesabu?

Boksi40

Wakuu habari za saivi. Niko Tanga hapa, nachezea kimodeli cha uchafu unaoshuka Mto Pangani kuelekea baharini. Nimekata kipande cha mto boksi 40, la kwanza liko juu na la 40 liko pale mdomoni karibu na kivuko cha Bweni. Kila boksi linamwagia lililo chini yake kwa kiwango cha 1 kwa saa, na hakuna kinachorudi juu (najua maji yakijaa chumvi inapanda mto, hilo ntaliweka baadae, msianze nalo).

Kwaiyo matriksi yangu ina -1 kwenye ulalo, 1 chini tu ya ulalo, kwingine kote sifuri. Ni ya pembetatu, aigenivalyu zote 40 ni -1, hata kompyuta haihitajiki. Ila baadae nataka kupunguza ukubwa wa modeli, ndo maana nikageuza mihimili kwa matriksi othogonali Q. Kihesabu aigenivalyu hazitakiwi kubadilika hata chembe. Sasa oneni:

```python
import numpy as np
n = 40
A = -np.eye(n) + np.eye(n, k=-1)
Q, _ = np.linalg.qr(np.random.randn(n, n))
B = Q @ A @ Q.T
print(np.linalg.eigvals(A))
print(np.linalg.eigvals(B))
```

Ya kwanza inatoa -1 mara 40, safi. Ya pili inatoa namba changamano zimejipanga duara, kitovu -1, nusu kipenyo kama 0.4 hivi. Moja inafika karibu -0.6, nyingine karibu -1.4. Q nimeikagua, ni othogonali mpaka desimali ya 15. Kosa la 0.4 linatoka wapi kwenye kompyuta inayokosea kwenye desimali ya 16?

Fundi_Data

Mkuu hiyo matriksi yako mbovu tu, iko karibu na kutogeuzika. Piga `np.linalg.cond(A)`, utakuta limamba la kutisha. Matriksi ya hivo kila kitu chake kinayumba, inversi inayumba, aigenivalyu zinayumba. Ongeza kitu kidogo kwenye ulalo uendelee na maisha.

Boksi40

Nimepiga, inatoa kama 52. Hamsini na mbili sio namba ya kutisha mkuu. Nikitatua Ax = b napata jibu zuri kabisa, na B nayo hivo hivo.

Fundi_Data

Dah. Basi hapo sijui, labda toleo la numpy.

Mama_Nguzo

Kaka Boksi, mimi napigaga hesabu za mtikisiko wa magati na madaraja, matriksi za mamia ya safu, na sijawahi kuona kituko kama hicho. Aigenivalyu zangu zinatoka halisi, nikibadilisha ugumu wa nguzo kidogo na zenyewe zinasogea kidogo hivo hivo. Kwaiyo mimi nahisi kuna kitu kwenye skripti, au wenzangu mnasemaje?

Bweni_Kwetu

Samahanini kidogo, huo uchafu umepimwa lini? Sisi huku ng'ambo tunavua pale mdomoni na hakuna aliyetwambia kitu.

Boksi40

Hapana ndugu yangu, ni modeli ya kwenye laptopu tu, sijapima maji ya mtu. Vueni kwa amani.

Bamvua

Nimeusoma uzi wote. Skripti haina kosa, numpy haina kosa. Fundi kagusa kitu cha kweli ila kakishika mkono usio wake, na dada Nguzo kasema kweli tupu kuhusu matriksi zake, shida matriksi zake ni simetriki na hii sio.

Tuanze na mbili kwa mbili tuone kwa macho. Chukua hii:

```
M = [ 1   1000 ]
    [ 0      2 ]
```

Aigenivalyu ni 1 na 2, hakuna ubishi. Sasa pale penye sifuri chini kushoto weka e. Fomula inakuwa 1.5 jumlisha au toa mzizi wa (0.25 + 1000e). Weka e = 0.001, yani sehemu moja ya elfu, kwenye matriksi yenye namba 1000 ndani yake. Mzizi wa 1.25 ni 1.118, kwaiyo 1 na 2 zimekuwa 0.382 na 2.618. Weka e = -0.0003, ndani ya mzizi unapata -0.05, aigenivalyu zimekuwa changamano, 1.5 jumlisha au toa 0.224i. Mfumo ambao haukuwa na mzunguko wowote sasa unazunguka, kwa sehemu tatu za elfu kumi!

Linganisha na ya dada Nguzo. Simetriki yenye 1 na 2 kwenye ulalo, na 0.001 pande zote mbili. Mzizi unakuwa wa (0.25 + 0.000001), aigenivalyu zinasogea kama sehemu moja ya milioni ya kizio. Na kwa simetriki kuna sheria ya Weyl, kwamba ukiibadilisha kwa matriksi simetriki yenye nomu fulani hakuna aigenivalyu itakayosogea zaidi ya nomu hiyo. Ndo maana maisha yako yote ya magati hujawahi kuona kituko, dada, na hutakiona.

Tofauti iko kwenye aigenivekta. Za simetriki zinakaa pembe mraba. Za M ni (1, 0) na (1000, 1), pembe kati yao ni kama sehemu moja ya elfu ya radiani, yani karibu zimelaliana. Wavuvi wa huku wanajua, unapoweka alama mbili za nchi kavu ili uurudie mwamba wako, ukichagua mnazi na mnara ambao toka baharini wote uko upande ule ule, jicho likikosea kidogo unajikuta mbali na mwamba. Vekta zikilaliana ndo hivo. Na kiasi cha kukuza kosa unaweza kukihesabu, unachukua aigenivekta ya kulia na ya kushoto za aigenivalyu ile ile, zote ziwe na urefu 1, unazidisha nukta kwa nukta, afu 1 gawanya kwa jibu. Kwa M inatoka 1000. Bauer na Fike mwaka 1960 walionesha mpaka wa juu kwa matriksi nzima, aigenivalyu hazisogei zaidi ya ukubwa wa badiliko mara namba ya kondisheni ya V, yani matriksi ya aigenivekta. Hapo ndo Fundi alipokosea mlango: alipima kondisheni ya A wakati ya kupima ni ya V. A inaweza kuwa na 52 na V ikawa haina hata inversi.

Turudi kwa Boksi. Kwako ni zaidi ya kulaliana, vekta zote 40 zimeanguka juu ya moja, ile yenye kitu kwenye boksi la mwisho tu. Sasa chukua A na uweke e kwenye kona ya juu kulia, ni kama bomba linalotoa tone boksi la 40 na kulirudisha boksi la kwanza. Determinanti inakwambia (λ + 1) kwa kipeo cha 40 ni sawa na e. Kwaiyo λ ziko kwenye duara lenye kitovu -1, nusu kipenyo ni mzizi wa 40 wa e. Weka e = 10 kwa kipeo -16, mzizi wake wa 40 ni 10 kwa kipeo -0.4, na hiyo ni 0.398. Ndo duara lako hilo.

Boksi40

Daah!! 0.398. Sasa nimeelewa imetoka wapi. Ila mkuu mi sijaweka kitu chochote kwenye kona.

Bamvua

Hujaweka wewe, kaweka mviringo wa desimali. Ulipopiga Q A Q' kila seli ya B ilibaki na vumbi la kama 1e-16, ukirudisha mihimili yake ya zamani vumbi hilo linatawanyika kila mahali, na lingine linatua konani. Algorithimu ya QR iliyo ndani ya `eigvals` nayo inaongeza la kwake. QR ni algorithimu nzuri mno, ahadi yake ni kwamba inakupa aigenivalyu sahihi za matriksi jirani, iliyo umbali wa kama 1e-16 mara ukubwa wa matriksi yako. Wilkinson ndo alitufundisha kuangalia hivo. Ahadi imetimizwa hapa, ila majirani wa B wana aigenivalyu zinazokaa mbali na -1.

Na A ya kwanza ilitoka safi kwa sababu ni pembetatu, LAPACK inaligundua hilo mwanzoni inasoma ulalo na kuondoka, hakuna hesabu iliyofanyika pale. Usiichukulie kama ushahidi kwamba A ni tulivu.

Kijana_Korogwe

Mbona rahisi, tumia `mpmath` na digiti 32 badala ya 16, tatizo limeisha.

Bamvua

Kijana piga hesabu kwanza. Vumbi 10 kwa kipeo -32, mzizi wa 40 ni 10 kwa kipeo -0.8, sawa na 0.158. Umezidisha digiti mara mbili na duara bado unaliona kwa macho. Ukitaka lipungue mpaka 0.001 unahitaji digiti 120. Kwenye laptopu inawezekana, matriksi ni ndogo, ila unatumia digiti 120 kulinda mto ambao kiwango chake cha kumwaga hakuna anayekijua hata kwa digiti mbili.

Boksi40

Nimejaribu kurusha kelele ya makusudi, nimeongeza namba za kubahatisha zenye ukubwa wa 1e-10 kwenye kila seli ya B. Duara limekua toka kama 0.4 mpaka kama 0.56. Yani kelele imekuzwa mara milioni moja na duara limeongezeka hivo tu. Nikichukua wastani wa aigenivalyu zote 40 napata -1 safi kabisa. Hiyo nayo imenishangaza.

Bamvua

Wastani ni jumla ya ulalo gawanya 40, na jumla ya ulalo haiyumbi. Kundi kwa pamoja linajua liko wapi, moja moja ndo hazijui. Na hilo jaribio la kurusha kelele ndo njia ya kwanza ya kujua kama aigenivalyu zako ni za kuaminika, rusha kelele ndogo uone zinatawanyika kiasi gani. Nyingine ya haraka ni kupiga `eigvals` ya B na ya B.T. Kihesabu ni zile zile, zikitoka tofauti ujue digiti zinazopishana ni upepo.

Ukitaka kupima sawasawa, chagua namba z yoyote utafute singula valyu ndogo kabisa ya zI - B:

```python
z = -0.5
print(np.linalg.svd(z*np.eye(n) - B, compute_uv=False)[-1])
```

Jibu ni badiliko dogo kabisa linalotosha kuifanya z iwe aigenivalyu. Kwako kwa -0.5 itatoka kama 7e-13. Ukiweka z = 0 itatoka kama 0.039. Ukichora ramani ya namba hizo kwa z zote ndo watu wanaita sudospektra, Trefethen na wenzake waliipigia sana debe miaka ya 1990.

Sasa zisome hizo mbili pamoja. Hukumu kwamba uchafu unaisha iko salama kwa boksi 40, vumbi la desimali haliwezi kukuvusha sifuri kwa sababu kule linatakiwa 0.039. Ila ukija kuniambia "modi yangu ya polepole ina kiwango cha -0.6" sikusikilizi, kwa sababu kati ya -1 na -0.6 kompyuta karibu haioni tofauti. Na ukiongeza boksi usishangae, kwa 200 mzizi wa vumbi lile lile ni kama 0.83.

Mama_Nguzo

Kwaiyo jibu la kweli ni -1 na hilo duara ni takataka, si ndio? Mi ningechukua -1 nikaendelea.

Bamvua

Dada hapo ndo utamu ulipo. -1 ni kweli ila ukiiamini itakudanganya kuliko duara. Mwaga kilo moja ya uchafu boksi la kwanza. Mtu mwenye -1 mkononi anasema kila kitu kinapungua kwa e kwa kipeo cha -t, kwaiyo saa ya 39 kimebaki kama 1e-17, hakuna kitu. Nenda kwenye modeli yenyewe sasa. Boksi la 40 saa hiyo lina e kwa kipeo -39 mara 39 kwa kipeo 39 gawanya 39 faktoriali, na hiyo ni kama 0.064, gramu 64 ndani ya boksi moja. Ukijumlisha boksi zote, kilichobaki mtoni ni kama asilimia 54. Zaidi ya nusu! Na ina mantiki, uchafu unatumia kama saa moja kila boksi, saa ya 39 wimbi ndo kwanza linafika mdomoni. -1 inaanza kusema kweli baada ya wimbi kutoka, na mtu wa Bweni wakati huo keshavua samaki wake zamani.

Boksi, usijaribu kupiga V mara eksponenti mara inversi ya V, hiyo V ya A ina safuwima 40 zinazokaribia kuwa moja, utapata ujinga. Tumia `scipy.linalg.expm`, yenyewe haipiti kwenye aigenivekta, au tembeza ODE kwa hatua. Na kama unahitaji kugawanya matriksi tumia Schur, matriksi zake za kugeuzia ni othogonali hazikuzi kosa. Fomu ya Jordan iache kwenye daftari.

Fundi_Data

Nimerudi. Kuna kitu kinaitwa kubalansi, `eig` inakifanya yenyewe kabla ya QR, inazidisha safu na safuwima kwa vipeo vya 2 mpaka zilingane. Nimejaribu modeli ya Boksi yenye marudio ya maji kupwa na kujaa, yani 0.01 juu ya ulalo, aigenivalyu zikatoka halisi zote na zinalingana na fomula. V yake kondisheni ni 10 kwa kipeo 39! Sasa mbona haikuyumba?

Bamvua

Hapo umenifurahisha. Ile yenye 1 chini na 0.01 juu ukizidisha boksi kwa vizio vinavyofuatana mara 10 inageuka simetriki kabisa, na kubalansi kunakaribia kuligundua hilo. Ila igeuze kwanza kwa Q kama alivyofanya Boksi, vumbi likishaingia kila seli kubalansi hakuna cha kushika. Jaribu utaona.

Fundi_Data

Nimejaribu, ni kweli, zimetawanyika. Ila bado nina hoja. Kwenye mto hakuna bomba la kurudisha tone toka boksi la 40 mpaka la 1. Makosa halisi ni ya viwango vya kumwaga tu, hayo yanakaa kwenye ulalo na jirani yake. Nikibadilisha viwango vyote kwa asilimia 1, aigenivalyu zinasogea asilimia 1. Kwaiyo mto wenyewe hauyumbi, kinachoyumba ni uamuzi wa kugeuza kwa Q. Abaki kwenye boksi zake basi.

Bamvua

Kwa aigenivalyu nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Kwa wimbi sikubali, wimbi lipo kwenye boksi zenyewe hata bila Q na bila vumbi. Na Boksi anataka kupunguza modeli, akifika hapo lazima agusane na mihimili mingine, na akija kuikadiria B toka kwenye vipimo vya kweli kosa halitakuwa 1e-16, litakuwa asilimia kadhaa. Ile 0.039 ya sifuri inaanza kuonekana ndogo hapo. Anaweza kupata aigenivalyu chanya, mto unaozalisha uchafu.

Fundi_Data

Akikadiria aweke sharti kwamba seli za mbali na ulalo ni sifuri. Muundo anaujua, kwanini auache data iuvunje?

Bamvua

Akiweka sharti hilo kwenye mihimili ya boksi sawa. Kwenye mihimili iliyopunguzwa muundo huo hauonekani tena, na sijaona njia safi ya kuulinda huko bila kupoteza kile alichotaka kukipunguza.

Boksi40

Saivi nimeachana na eig, natembeza `expm` na wimbi naliona linashuka boksi kwa boksi kama alivyosema Bamvua, saa ya 39 jumla imesoma 0.54. Kinachonisumbua sasa ni maji bamvua, kiwango cha kurudi juu sio kile kile kutwa nzima, kinapanda na kushuka na maji, kwaiyo matriksi yenyewe inabadilika na saa. Kwa hali hiyo aigenivalyu za saa gani ndo nizitazame, au sizitazami kabisa?

Kijana_Korogwe

Zidisha matriksi za mzunguko mzima wa maji kupata moja, afu chukua aigenivalyu za hiyo.

Fundi_Data

Zao la matriksi zisizo simetriki, afu aigenivalyu zake. Haya Bamvua, kazi kwako.